Kufika kongamanoni ukiwa na mtu anayekusubiri: meseji za kutuma kabla

"Dada habari za kazi. Mimi ni mhasibu wa SACCOS Njombe, ofisi imenichagua niende kongamano la siku mbili Arusha, watu kama 300 na simjui hata mmoja. Semina ya mwisho niliyoenda nilimaliza siku nzima nimeinamia simu. Safari hii waandaaji wametuweka kwenye grupu la WhatsApp, nikawaza niwatumie baadhi ya watu meseji mapema ili nikifika nimkute hata mmoja tunayejuana, ila naogopa kuonekana najipendekeza au tapeli. Nimtumie nani na niseme nini?"

Mdogo wangu salama kabisa, na wazo lako ni zuri ila ngoja kwanza nikuoneshe linapofanyia kazi, maana wengi wanaojaribu hii kitu wanatuma meseji nyingi, wanajibiwa vizuri tu, halafu siku yenyewe wanasimama peke yao vilevile. Mimi kazi yangu ni kuratibu makongamano, muda mwingi nakuwa dawati la usajili, kwahiyo hawa watu nawaona wanavyoingia. Mtu amechati na watu sita wiki nzima, anafika, anachukua beji, anaangaza macho ukumbini, hawaoni, anatoa simu. Ukimuuliza anakwambia "kuna watu tuliongea, tulisema tutaonana". Sasa "tutaonana huko" kwetu sisi ni neno la kuagana tu, mtu akikwambia hivyo hajakuahidi kitu. Meseji iliyoishia hapo haijakupa mtu. Kinachokupa mtu ni sehemu na saa: nani, wapi, saa ngapi, nitamtambuaje. Nitarudi kwenye hilo maana ndo kila kitu.

Kwanza uelewe kwanini yule mtu mmoja anabadilisha mambo kiasi hicho. Mwaka 2007 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Columbia, Paul Ingram na Michael Morris, walichapisha kazi moja ambayo kila mtu wa shughuli zetu angetakiwa aijue. Waliwaalika watu wa biashara kwenye hafla ya jioni, wakawavalisha vifaa vidogo vya kielektroniki vinavyorekodi nani kasogeleana na nani na kwa muda gani. Kabla ya hapo wageni walikuwa wameshasema wanachotaka zaidi ni kufahamiana na watu wapya. Kumbe wakishaingia ukumbini karibu nusu ya muda wao waliutumia na watu waliokuwa wanawajua tayari, japo hao walikuwa kama theluthi tu ya waliokuwepo. Yani sio kwamba watu wana roho mbaya au wanakubagua wewe wa Njombe, hata waliokuja na nia kabisa ya kukutana na wageni miguu inawapeleka kwa wanaowajua. Kilichoamua zaidi nani ataongea na nani ni kujuana kulikokuwepo kabla ya mlango kufunguliwa.

Kwahiyo wewe ukiingia bila mtu haushindani na uchangamfu wa mtu mwingine, unashindana na watu kufahamiana kwao kwa zamani. Na hapo ndipo meseji inakusaidia, maana inatengeneza ule ujuano wa kabla. Hauhitaji uwe mzito, hauhitaji mmekuwa marafiki, unahitaji tu mtu ambaye akikuona anasema "aah ni wewe" na anakuwa na sababu ya kusimama na wewe dakika kumi. Kutoka hapo akipita mtu anayemjua atakutambulisha, kwetu huwezi kusimama na mtu ukamsalimia mwenzako bila kumtaja uliyenaye, adabu yenyewe inakufanyia kazi.

Hofu yako ya kuonekana unajipendekeza naielewa, ila hiyo inatokana na unamlenga nani. Wengi wakifikiria kutuma meseji wanawaza wakubwa, mtoa mada mkuu, meneja wa ile SACCOS kubwa kuliko zote, mtu wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Hao waache kabisa kwa lengo hili. Wana meseji za kutosha, wakifika wanapelekwa viti vya mbele na chai yao mara nyingi inawekwa chumba kingine, hata akikujibu vizuri hatakuwepo pale unapomhitaji. Unayemtafuta ni mtu wa ngazi yako ambaye na yeye anakuja peke yake. Kwa huyo meseji yako haina harufu ya kujipendekeza hata kidogo, maana na yeye ana hofu hiyohiyo na hana mtu wa kumwambia.

Utamjuaje? Pandisha juu kwenye grupu usome meseji za siku zote tangu lifunguliwe, acha zile za "Amina" na "Tupo pamoja". Utamwona mtu ameuliza bei ya lodji za karibu na ukumbi, mwingine ameuliza kama barua ya mwaliko inatumwa ofisini au kwa mtu mwenyewe, mwingine ameuliza kuhusu MUVU, ule mfumo wa taarifa za vyama vya ushirika, kwamba unamsumbua kuingiza taarifa. Anayeuliza maswali ya njia na malazi mara nyingi anakuja mwenyewe, kwasababu waliokuja watatu watatu na dereva wa ofisi hawaulizi hayo. Na anayeuliza swali la kazi amekupa mada bure. Hao ndo watu wako. Chagua watano hivi, sita mwisho. Tegemea wengine watakaa kimya, mmoja atajibu kwa upole bila kusema lolote la maana, na ubaki na wawili mnaoeleweka, wanatosha kabisa.

Kuna swali moja tu ningekwambia uliulize grupuni mbele ya wote, nalo ni la safari. Wewe unatoka Njombe, basi lako linapita Makambako, Iringa, Dodoma, Babati ndo Arusha, siku nzima barabarani. Lazima kuna wengine wa Mbeya, Songwe au Iringa wanapita njia hiyohiyo. Andika tu "Wa Nyanda za Juu Kusini, mnasafiri siku gani na basi gani? Mimi natokea Njombe". Hilo sio kujitangaza, ni swali la msaada na wengine watafaidika nalo. Ukipata mtu mkapanda basi moja umemaliza kazi kabla hata ya kufika, hakuna ukumbi utakaokupa masaa yote yale na mtu mmoja. Ila kuandika grupuni "jamani mimi mgeni naomba marafiki" usifanye, sio kwamba ni aibu, ni kwamba swali la kila mtu hakuna anayejiona ameulizwa yeye. Watakupa emoji za viganja na maua halafu basi.

Sasa suala la utapeli, hili ni la kweli na usilichukulie poa. Nchi hii kila mwenye simu ameshatumiwa ile ya "hiyo hela tuma kwenye namba hii", kwahiyo namba ngeni ikiingia na "Mambo" au "Habari" peke yake mtu anakaa kimya anasubiri aone unataka nini, au anakublok moja kwa moja. Kwenye WhatsApp mtu ambaye hajakuseva akipokea meseji yako anaona namba, jina ulilojiandika mwenyewe na picha yako kama umeiacha wazi, na kitufe cha kublok kinakuwa palepale chini ya meseji. Kwenye orodha ya chati anaona mstari wa kwanza tu kabla hajafungua. Kwahiyo kabla hujatuma chochote badilisha jina la profaili liwe jina lako halisi, sio "Mama wawili" wala moyo na nyota, weka picha ya sura yako hata kama ni kwa hizi wiki mbili, na hiyo picha itakuja kusaidia tena siku ya kukutambua. Halafu salamu, jina na kongamano vikae mwanzoni kabisa, usitume salamu peke yake ukasubiri ijibiwe ndo uendelee. Adabu yetu inataka salamu ndio, lakini meseji isalimie na iseme shida yako humohumo.

Mfano, tuseme umemwona dada mmoja wa Tabora aliyeuliza kuhusu MUVU. Mimi ningemwandikia hivi:

"Habari za mchana dada. Naitwa (jina lako), mhasibu wa SACCOS huku Njombe, tuko wote kwenye grupu la kongamano la Arusha. Niliona umeuliza kuhusu kuingiza taarifa MUVU, na sisi tumehangaika nayo mwezi mzima, kuna sehemu tulifanikiwa na kuna sehemu bado. Nakuja mwenyewe. Kama utafika mapema siku ya kwanza ningefurahi tukutane pale usajili tunywe chai tuongee hilo. Ratiba ikibana hamna shida."

Angalia hiyo meseji ina nini. Amejua namba umeitoa wapi bila kuuliza. Amepewa kitu kabla ya kuombwa, umemwambia kuna sehemu mlifanikiwa. Umesema unakuja mwenyewe, na hilo usilione dogo, ndilo linalomruhusu na yeye aseme "hata mimi". Ombi ni dogo, chai ambayo ipo tu hata msipokutana. Na mwisho umempa mlango wa kutokea bila kukosana. Usiongeze sivii, usiongeze kazi ya ofisi yenu, usimtumie faili wala linki yoyote, linki kwenye meseji ya kwanza ya mtu usiyemjua ndo alama ya utapeli namba moja. Kama ni mtu mzima kwako anza na shikamoo na uite mzee au mama, usijifanye wa rika lake kwasababu mko grupu moja. Na usikopi meseji moja ukawatumia wote sita, watu wa fani moja wanajuana na wanatumiana skrinshoti, wakikuta ni maneno yaleyale basi umeshakuwa mtu wa matangazo.

Muda wa kutuma nao unachangia kuliko watu wanavyodhani. Ukituma leo, wiki mbili na nusu kabla, atakujibu vizuri na atakusahau, maana mwenyewe hajaanza hata kuiwaza hiyo safari. Meseji ya kwanza tuma siku tano mpaka saba kabla, hapo ameshaanza kuomba posho na kuulizia basi, akili yake ipo Arusha. Tuma mchana wa siku ya kazi, sio saa tatu usiku. Akijibu ongeeni kidogo, meseji nne tano hivi, halafu acha. Hapa nasisitiza maana wengine wakishapata mtu wanachati wiki nzima mpaka MUVU yote imeisha, wakikutana hawana cha kuongea wanabaki kutazamana. Mwachie kiporo, mwambie "hiyo nyingine nitakuonesha kwenye simu tukikutana".

Meseji ya pili ni ya jioni ya kuamkia siku yenyewe, na hii ndo ile niliyosema ni kila kitu. Iwe fupi: "Dada nimeshafika salama. Kesho nitakuwa dawati la usajili saa mbili na robo, nimevaa blauzi ya njano na mtandio mweusi. Ukifika nipigie." Umeona, sehemu, saa, nguo, na ruhusa ya kupiga. Nguo usiiache, kwasababu picha za profaili za watu wengi ni za watoto wao au nembo ya Simba na Yanga, utapita naye bega kwa bega bila kujua. Dawati la usajili nalichagua makusudi, kila mtu lazima apite pale, kusimama pale hakuhitaji sababu, na hata mtu wako akichelewa haukai kama umetelekezwa, unaonekana unasubiri utaratibu. Usiseme "ndani ya ukumbi" wala "sehemu ya chai", kwa watu 300 hizo sio sehemu, ni msitu.

Na saa mbili na robo nayo nina sababu. Ratiba yenu itakuwa imeandikwa ufunguzi saa tatu. Kwa uzoefu wangu mgeni rasmi akifika saa tatu na nusu amewahi, mara nyingi ni saa nne. Kile kipindi cha kumsubiri watu wanakilalamikia ila kwa mtu kama wewe ndo kipindi kizuri kuliko vyote vya siku mbili, hakuna mada inayoendelea, na mwanzoni mwake hakuna aliyekaa bado, makundi hayajajifunga. Ukija saa tatu kasoro tano ukakuta wengi wameshachagua viti na wa kukaa nao, umekosa zile dakika arobaini za mwanzo za kuongea na itabidi usubiri chai, na kwenye chai kila mtu anatoka na aliyekaa naye. Kwahiyo mtu wako wa saa mbili na robo ndo unaingia naye, mnakaa viti vya jirani, na mkitoka kwenye chai mnatoka wawili. Hapo shida ya kusimama peke yako na sahani mkononi imeisha.

Wapo watakaokujibu vibaya au wasikujibu. Tiki za bluu bila jibu usizifuatilie, usitume "???" wala "dada vipi", ukikutana naye msalimie kawaida kabisa kama hukuandika, wengi hawajibu kwasababu walisoma wakiwa kwenye kikao wakasahau, na watakuchangamkia wao. Mwingine atakujibu ndio halafu siku yenyewe ofisi imemzuia safari, ndo maana nikasema ubaki na wawili na sio mmoja. Wa pili mpangie sehemu nyingine, mfano mkutane mkitoka kwenye chakula cha mchana, usiwakusanye wote saa mbili na robo wakajikuta wanajuana wenyewe.

Kuna hili la wanaume na wanawake, wewe ni dada nitakwambia wazi. Meseji kutoka kwa mwanamke asiyemjua inaweza kusomwa vingine na baadhi ya wanaume, hata ikiwa ya MUVU tupu. Dawa yake ni ileile, mchana, mada ya kazi, sehemu ya wazi, na "kaka" tangu mstari wa kwanza. Usitaje lodji utakayofikia wala siku utakayolala, hata akiuliza kwa wema sema "karibu na ukumbi tu". Akianza "unapendeza kwenye picha" hujalazimika kumjibu, na akiendelea mwambie admini wa grupu au mratibu, hiyo ni kazi yetu na hatuoni usumbufu. Kama hutaki kabisa kupita huko basi anza na wanawake wenzio tu, sio lazima uwe na mchanganyiko kwa siku ya kwanza.

Na kwa wanaosoma hapa ambao kongamano lao halina grupu, msimwombe mratibu orodha ya washiriki yenye namba. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, namba ya mtu aliyoitoa kwa ajili ya usajili sio yangu kuigawa. Geuza ombi, mwambie mratibu "mimi ni fulani, nafanya kazi hii, kama kuna mshiriki mwingine wa kanda yangu anayekuja peke yake naomba umpe namba yangu". Hiyo naifanya kwa moyo mweupe kila mara na inachukua dakika mbili. Kama tukio limetangazwa LinkedIn unaweza kuwapata wanaosema wanakuja, ila noti ya kuambatanisha na ombi ni fupi na akaunti ya bure inakupa chache kwa mwezi, kwahiyo weka tukio na mada tu, mengine mtaongea akishakubali.

Ukishampata mtu wako kuna mtego mmoja, nao ni kumng'ang'ania siku zote mbili. Rudi kwenye wale wageni wa Columbia, nusu ya muda na waliowajua tayari. Sasa wewe ndo umekuwa mmoja wao. Mwambie mapema bila kuzunguka, "mimi mchana nitakaa na watu wa meza nyingine nisikie kwao, tuonane jioni", atashukuru maana na yeye anataka hivyohivyo na alikuwa anaona aibu kukuacha.

Mwisho nikuulize jambo, na ujibu mwenyewe kimyakimya. Ile semina ulioinamia simu, ilikuwa ni upweke wa kawaida wa ugenini, au moyo ulikuwa unaenda mbio, mikono inatoka jasho, chakula hakishuki, na usiku wa kabla hukulala? Na je umeshawahi kukataa safari ya kazi au kujisingizia ugonjwa ili usiende? Kama ni ule wa kwanza, hizi meseji mbili zinakutosha. Kama ni huu wa pili na umekuwa hivyo miezi mingi, meseji zitakufikisha mlangoni lakini hazitatibu, na hiyo ni hali inayojulikana na ina matibabu, mara nyingi ya mazungumzo na mtaalamu. Nenda hospitali ya rufaa ya mkoa uulizie huduma za afya ya akili, au kama upo Dar kuna idara hiyo Muhimbili. Ukifika usiseme tu "nina aibu", watakwambia utazoea. Sema kinachotokea mwilini, kinaanza siku ngapi kabla ya tukio, na safari gani umezikwepa kwasababu yake.